Maziwa yananitesa, yogati nyingine inapita salama nyingine inaniangusha

Shikamoo Anti. Mi nina miaka 29, nina shida na maziwa tangu utu uzima. Nikinywa glasi moja tu, baada ya kama saa moja na nusu hivi tumbo linaanza kunguruma, linajaa gesi, alafu mbio chooni. Mwaka huu nikaenda kupimwa, nikapewa kinywaji kitamu nikawa napuliza kwenye kimashine kila baada ya muda, wakaniambia mwili wangu haumeng'enyi laktosi, ile sukari ya maziwa. Rafiki yangu akasema mbona yogati ni sawa tu, nijaribu. Nikanunua vikopo vidogo vya kwenye friji, nikala kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana, wiki nzima sikuona kitu, yaani kimya kabisa. Nikafurahi, nikaona ninunue kwa jumla, nikachukua katoni za yogati ya kunywa zile zinazokaa kabatini bila friji. Asubuhi moja nikanywa nusu lita kabla sijala kitu chochote maana nilikuwa nawahi kazini. Anti, nilijuta, ikawa kama nimekunywa maziwa yenyewe. Sasa ile wiki ya kwanza ilikuwa bahati? Na hao bakteria hai wanaosemwa wanabadilisha nini hasa, au ni maneno ya kuuzia tu? Katoni bado ninazo tano.

Marahaba mwanangu. Haikuwa bahati, na wala mwili wako haujageuka. Vile vikopo na hizo katoni zinaitwa jina moja ila kwa tumbo kama lako ni vitu viwili tofauti, na juu ya hapo ulibadilisha mambo mengine mawili siku hiyo hiyo bila kujua. Tutafika huko, ngoja kwanza nikujibu lile kubwa. Ndiyo, wengi wenye shida ya laktosi wanakula yogati yenye bakteria hai bila taabu au kwa taabu ndogo sana. Hilo limepimwa maabara miaka mingi, sio maneno ya kuuzia, ingawa wauzaji nao wanalipenda.

Ila sababu ambayo watu wengi wanaitoa siyo, au niseme ni robo tu ya sababu. Utasikia mtu anakwambia "bakteria wameshakula sukari yote ya maziwa, ndo maana yogati ni chachu". Hebu tupige hesabu. Maziwa ya kawaida yana laktosi karibu gramu 5 kwenye kila mililita 100. Viwanda vingi kabla ya kuchachusha wanaongeza unga wa maziwa ili yogati iwe nzito, na unga wa maziwa umejaa laktosi, kwa hiyo mchanganyiko unaanza na gramu 6 au hata zaidi. Bakteria wakifanya kazi yao wanakula kama robo hivi, ikizidi theluthi, alafu uchachu wenyewe waliouzalisha unawabana na friji inawamalizia nguvu, wanasimama. Unabaki na gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100. Yaani kwa laktosi peke yake, bakuli la yogati na glasi ya maziwa hazijapishana sana! Kama kupungua kwa sukari ndo ingekuwa siri yote, bakuli la yogati lingewaangusha wenye shida yako karibu sawa na glasi ya maziwa.

Siri yenyewe ni kwamba yogati inakuja na kimeng'enya chake. Wewe unachokosa, au unacho kidogo, ni kimeng'enya kinachoitwa laktesi, ambacho kwa mtoto mchanga kipo tele kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kwa watu wazima wengi duniani kinapungua baada ya kuachishwa kunyonya, kwa hiyo huo sio ugonjwa ni mwili tu ulivyopangwa. Kazi yake ni kukata laktosi vipande viwili, glukosi na galaktosi, maana laktosi nzima haipiti kwenye ukuta wa utumbo. Isipokatwa inateremka hadi utumbo mpana ikivuta maji njiani, na kule chini kuna bakteria wako mwenyewe wanaoishukia kama karamu, wanatoa gesi. Hayo maji ndo kuharisha na hizo gesi ndo kunguruma. Na ile mashine uliyopuliza ilikuwa inanusa haidrojeni, gesi ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi wenyewe, inatoka kwa bakteria wa tumboni tu, inaingia kwenye damu, inatokea mapafuni. Ndo maana kupuliza tu kunatosha kujua laktosi imefika isipotakiwa.

Sasa bakteria wa yogati ni wawili, laktobasilasi bulgarikasi na streptokokasi thamofilasi (kwenye paketi utayaona kwa Kilatini, usiogope urefu). Hawa nao wanaishi kwa kula laktosi kwa hiyo ndani ya miili yao wamebeba kimeng'enya kinachofanya kazi ile ile ya laktesi yako. Ukila yogati unameza mamilioni kwa mamilioni ya vifuko vidogo vyenye kimeng'enya ndani. Tumboni kuna asidi kali ambayo ingekiua kimeng'enya kikiwa uchi, lakini ukuta wa bakteria unakikinga, na yogati yenyewe kwa uzito wake inaipooza asidi kidogo. Wakitoka hapo wanaingia utumbo mwembamba, ambako uchachu unapungua sana, na wanakutana na nyongo. Nyongo inatoboa ngozi ya hao bakteria. Wanavuja. Laktosi inaingia, kimeng'enya kinatoka, na hali ya pale ndo ile hasa ambayo kimeng'enya kinaipenda, joto la mwili na uchachu mdogo, tofauti na kwenye friji ambako kilikuwa kimelala kwa baridi na uchachu. Basi laktosi inakatwa pale pale, mahali ambapo laktesi yako ingeikata kama ungekuwa nayo ya kutosha.

Mwaka 1984 watafiti Marekani waliwapa watu wenye hali kama yako maziwa siku moja na yogati siku nyingine, laktosi ikiwa sawa, gramu 18, alafu wakawapulizisha kama ulivyopulizishwa wewe. Haidrojeni baada ya yogati ilikuwa kama theluthi tu ya ile ya maziwa. Sukari ile ile, mtu yule yule, tofauti kubwa namna hiyo. Mi nilipoisoma mara ya kwanza nikasema kumbe yogati inajimeng'enya yenyewe ndani ya mtu.

Na hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu wa lishe linawachanganya. Tumezoeshwa kusikia kwamba bakteria mzuri ni yule mgumu, anayevuka tumbo mzima mzima akaenda kukaa utumbo mpana. Kwa laktosi ni kinyume, unamtaka yule anayepasuka. Wapo bakteria wengine wanaotiwa kwenye maziwa na vidonge, laktobasilasi asidofilasi kwa mfano, ambao wanaistahimili nyongo vizuri zaidi, wanapita na kimeng'enya chao kimefungiwa ndani, na maziwa yaliyotiwa hao bila kuchachushwa yamekuwa hayasaidii sana kwenye vipimo vya laktosi. Kwa hiyo paketi ikijisifia majina kumi ya bakteria usibabaike, wewe wa kwako ni wale wawili wa kawaida kabisa waliopo kwenye yogati ya bei rahisi.

Tuje kwenye katoni yako. Yogati inayokaa kabatini miezi bila friji kwa kawaida imepashwa joto baada ya kuchachushwa. Lazima, kwa sababu bakteria wakiwa hai kwenye joto la chumba wangeendelea kuichachua mpaka isinyweke. Ule moto unawaua bakteria na unaharibu kimeng'enya pamoja nao, kinachobaki ni uchachu, ladha, uzito, na laktosi yako yote ipo palepale. Wamewahi kulinganisha yogati hai na ile ile iliyopashwa joto, na iliyopashwa ikatoa haidrojeni zaidi waziwazi. Bado haiwi mbaya kama maziwa, kwa sababu kitu kizito kinatoka tumboni polepole na utumbo unapata muda wa kuhangaika na kidogo kidogo. Lakini ule msaada mkubwa umeondoka.

Kosa la pili ni kipimo, na hili naona ndo lilikumaliza kuliko yote. Kikopo kidogo cha gramu 125 kina laktosi kama gramu 5 na nusu hivi. Nusu lita ya yogati ya kunywa ina kama gramu 20 hadi 25. Unajua kile kinywaji kitamu ulichopewa siku ya kipimo mara nyingi kina laktosi kiasi gani? Gramu 25. Yaani asubuhi ile ulijifanyia kipimo cha hospitali mwenyewe, nyumbani, huku unawahi kazini, pole sana lakini nimecheka. Watu wengi wenye shida yako wanavumilia mpaka karibu gramu 12 kwa mkupuo mmoja hata kwenye maziwa, wengine chini ya hapo kama wewe unayelalamika kwa glasi moja, ambayo ikiwa ya mililita 240 ni hizo hizo 12. Kwa hiyo vile vikopo vyako vilikuwa na mambo mawili ya kukulinda, bakteria hai na udogo wa kipimo, na kusema kweli siwezi kukwambia wiki ile kipi kilikuokoa zaidi. La tatu ni tumbo tupu. Ukila kitu kabla, laktosi inashuka taratibu, lakini kinywaji chepesi kwenye tumbo tupu kinateleza haraka kinafika chini bado kizima.

Kwa hiyo ulibadilisha vitu vitatu kwa pigo moja, ndo maana umechanganyikiwa. Tuvitenganishe. Acha katoni kwanza, subiri siku mbili tatu tumbo litulie. Rudi kwenye kikopo cha friji cha gramu 125 baada ya chakula, siku mbili. Kimya? Basi siku ya tatu kula viwili kwa pamoja, gramu 250, bado baada ya chakula, na hiyo ni laktosi karibu sawa na glasi yako ya maziwa inayokuangusha. Hiki ndo kipimo chenyewe. Kama glasi ya maziwa inakukimbiza chooni na vikopo viwili vya yogati hai havifanyi kitu, au vinaleta gesi kidogo tu, basi umewaona bakteria kazini kwa macho yako. Andika saa uliyokula na saa dalili ilipoanza. Dalili za laktosi mara nyingi zinakuja kati ya nusu saa na saa kadhaa, kitu kikikuuma dakika ile ile umemeza kijiko cha kwanza, au kesho yake jioni, usiibebeshe yogati mzigo. Na uchague yogati tupu isiyo na kitu, maana zile za matunda na za "sukari kidogo" wakati mwingine zinatiwa inulini au sobitoli, na hivyo vinaleta gesi kwa mtu yeyote hata mwenye laktesi ya kumwaga, utajikuta umeilaumu laktosi bure.

Utajuaje kama ni hai? Soma paketi. Ukiona imeandikwa ina bakteria hai na itunzwe kwenye friji, uko pazuri. Ukiona imepashwa joto au imepasteuriwa baada ya kuchachushwa, au ina maisha marefu nje ya friji, hesabu kwamba wamekufa. Angalia lakini hilo neno "baada", maana karibu yogati zote zimetengenezwa kwa maziwa yaliyopasteuriwa na hiyo haina shida, bakteria wanatiwa baadaye. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilikubali kwamba yogati hai inasaidia kumeng'enya laktosi yake, na sharti waliloweka ni angalau bakteria hai milioni 100 kwa kila gramu. Paketi nyingi haziandiki idadi, ila ujue wanapungua kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia, kwa hiyo chukua iliyotoka karibuni.

Ukitaka uhakika zaidi kuna njia ya jikoni. Chemsha nusu lita ya maziwa, yaache yapoe mpaka nyuzi 43 hivi, kama huna kipimajoto ni pale kidole safi kinavumilia joto kwa kuhesabu mpaka kumi bila kukurupuka. Koroga humo kijiko kikubwa kimoja cha hiyo yogati tupu, funika, viringisha kwa taulo nene, weka mahali pa uvuguvugu saa 8. Yakiganda na kuchachuka, bakteria wako hai. Yakibaki maziwa tu, walikufa (au uliwaunguza wewe kwa haraka, hilo nalo hutokea, mimi mwenyewe nimeshamwaga lita nzima kwa kukosa subira). Kipimo hiki hakikwambii wako wangapi, kinakwambia tu wapo. Na hiyo uliyoiganda ukiiacha saa nyingi zaidi inakuwa kali zaidi na laktosi inazidi kupungua kidogo, ukiichuja kwenye kitambaa safi yale maji yanayodondoka yanaondoka na laktosi nyingine, ndo maana yogati nzito iliyochujwa kweli huwa rahisi zaidi kwa watu kama wewe. Nasema iliyochujwa kweli, maana ipo inayokuwa nzito kwa unga wa maziwa au wanga, na ile ya unga ndo kinyume chake.

Moto wa jikoni pia unaua. Ukiichemsha kwenye mchuzi au ukaioka, umeifanya sawa na ya katoni, kwa hiyo itie mwisho ukishaepua na chakula kimepoa kidogo. Kuigandisha kwenye friza ni afadhali, wengi wao wanalala tu wanaamka.

Usije ukadhani pia kwamba ukila yogati mwezi mzima utarudi kwenye maziwa. Hao bakteria ni wapita njia, kimeng'enya chao kinashughulikia laktosi waliyokuja nayo kwenye kikopo kile kile, alafu wanatoka. Laktesi yako haiongezeki. Hata kuchanganya yogati na glasi nzima ya maziwa kwenye blenda nisingekushauri, unawaongezea mzigo ambao hawakuubeba.

Mawili ya tahadhari alafu nikuache. Haya yote ni kwa laktosi, ambayo ni sukari. Mtu mwenye aleji ya maziwa anashambuliwa na protini, na protini zimo kwenye yogati, hai au mfu, kwa hiyo mwenye kuvimba midomo, vipele au kubanwa pumzi akigusa maziwa asiufuate ushauri huu hata kidogo. Na wewe kama kuharisha kutaendelea hata usipogusa chochote cha maziwa, au unakonda, au unaona damu, au tumbo linakuamsha usiku, rudi hospitali, maana wakati mwingine laktesi inapungua kwa sababu ukuta wa utumbo umeumia na kitu kingine.

Zile katoni tano usizitupe. Robo kikombe baada ya kushiba, kama mililita 60, ni laktosi isiyofika gramu 3, sidhani kama tumbo lako litaiona. Ukizifungua ziingie friji, na kama una wageni wasio na shida wape wao wamalize haraka.